SOMO: Kugawa marashi ya chupa kubwa kwenye chupa ndogo, bei yake na namna ya kuieleza harufu bila kudanganya

Naandika mara moja ili kila anayeniuliza "mililita 5 niuze bei gani" nimwelekeze hapa. Kwanza tuelewane: hapa sizungumzii pafyumu za kupima, yale mafuta yanayotolewa kwenye madumu na kupewa majina ya watu maarufu. Nazungumzia marashi yaliyotoka kwenye chupa yake halisi na kuhamishiwa kwenye chupa ya mililita 5 au 10, hakuna kilichoongezwa.

1. Nunua kwa muuzaji unayemwamini. Namba ya toleo iliyo chini ya chupa ilingane na ya kwenye boksi.

2. Tafuta chupa za kioo zenye kichwa cha kupuliza. Plastiki ngumu inayong'aa kama kasha la kaseti huliwa na marashi: hufanya ukungu, kisha nyufa.

3. Kaa mbali na jiko na mshumaa. Hii ni alkoholi.

4. Kuhamisha. Hapa ndipo niliharibu, kwa hiyo soma polepole.

Ng'oa kichwa cha kupuliza cha chupa kubwa. Kitabaki kijiti chembamba. Bomba la sindano lenye kiunganishi kinachokaa juu ya kijiti hicho ndilo utakalotumia. Likandamize hadi kijiti kizame, chupa ikiwa imesimama wima, kisha vuta taratibu. Ukivuta kwa haraka, hewa inaingia pamoja na marashi, bomba linajaa mapovu na wewe unasoma 5 wakati ndani kuna 4 na kidogo. Elekeza ncha juu, gonga bomba kwa kucha, sukuma hewa itoke, ndipo usome.

Usioshe chupa ndogo kwa maji ukajaza hapo hapo. Mafuta ya harufu hayakubali maji, na matone yaliyobaki yanaweza kuyafanya marashi yawe na ukungu kama maji ya mchele. Suuza kwa alkoholi ya asilimia 95 au zaidi, acha ikauke kabisa. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa haifai, kwa sababu sehemu kubwa ya hiyo 30 iliyobaki ni maji.

Kila marashi na bomba lake. Raba ya bomba hunywa harufu, na udi ukishaingia humo, kila utakachovuta baadaye kitanukia udi.

Usijaze hadi mdomoni. Alkoholi hutanuka kwa joto, na kifurushi kinachokwenda Dodoma kwa basi mchana kitavuja.

5. Lebo: jina, aina kama ilivyoandikwa kwenye chupa (EDP au EDT), ujazo, tarehe ya kuhamisha, na maneno "imehamishwa na" yakifuatiwa na jina lako. Usichapishe nembo ya kampuni kana kwamba chupa imetoka kiwandani.

6. Bei. Tuseme chupa ya mililita 100 umeinunua kwa shilingi 150,000. Wengi wanagawa kwa 100, wanapata 1,500 kwa mililita, na hapo hasara imeshaanza. Kuna marashi yanayobaki kwenye bomba, yanayobaki chini ya mrija, na ya kuwanusisha wateja. Hesabu mililita 90 za kuuza. Gawa tena: ni kama 1,667 kwa mililita. Kwa chupa 18 za mililita 5, tofauti hiyo ni shilingi 15,000 nzima.

Kwa hiyo mililita 5 ni 8,333. Weka chupa 1,200, lebo na kifungashio 500, alkoholi na mabomba 300. Jumla 10,333. Ukiuza 14,000, chupa zote 18 zikiisha umepata faida ya 66,000. Angalia tena, lakini: mtaji wako wote ni 186,000, na unarudi chupa ya 14 inapouzwa. Faida karibu yote imo kwenye zile nne za mwisho. Ndiyo maana usinunue chupa kubwa ya harufu ambayo hujajua nani ataimaliza.

Mililita 10 inagharimu 18,667, uza 25,000. Mteja akiuliza kwa nini si 28,000, mwambie ukweli: lebo na kazi ni ile ile, ujazo ndio umeongezeka. Akisema chupa nzima ni nafuu zaidi kwa mililita, mkubalie. Anakulipa ili ajue kama anaipenda kabla ya kutoa 150,000.

7. Kueleza harufu. Usinakili orodha ya harufu iliyo kwenye boksi. Orodha ile inaeleza unachokusudiwa kuhisi, si lazima vilivyomo. Puliza mara mbili kwenye mkono usiopakwa kitu, andika unachonusa baada ya dakika 10, saa 1 na saa 4. Mfano, kwa Khamrah ya Lattafa mimi ningeandika: "Inaanza na mdalasini mkali na utamu wa tende. Baada ya saa moja ni vanila nzito, kama halua. Ni tamu sana. Kama hupendi harufu za keki, usinunue. Mchana wa joto puliza mara moja tu." Sentensi ya "usinunue" ndiyo inayozuia ugomvi wa kurudishiwa pesa. Muda wa kudumu andika wa ngozi na wa nguo mbali mbali, kwa sababu nguo hushika kwa muda mrefu zaidi.

MASWALI

Mchuuzi_Tanga: Mkuu, kwa hiyo mililita 5 niuze bei gani?

Mwandishi: Hatua ya 6. Weka bei uliyonunulia wewe.

BintiAsumini: Asante sana kwa somo. Naweza kupima kwa mzani wa jikoni badala ya bomba?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Unaweza, ila gramu si mililita. Alkoholi ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ukijaza gramu 10 umempa mteja zaidi ya mililita 11 bure. Vuta mililita 10 kwa bomba mara moja, pima uzito wake, andika. Uzito huo ndio kipimo chako kwa marashi hayo, na kila marashi upime upya.

Kaka_wa_Likoni: Nikiongeza alkoholi kidogo hakuna atakayejua, zinatoka chupa 20.

Mwandishi: Atajua saa ya pili harufu ikishakata. Na huo ni wizi. Usiulize tena hapa.

MamaNunu: Mteja kasema yangu feki kwa sababu haisikii baada ya nusu saa. Nimjibu nini?

Mwandishi: Usimbishie, mama. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo. Mwambie amuulize mtu mwingine, au atoke nje kidogo kisha anuse nguo. Kama hata wengine hawaisikii, angalia chupa uliyobakiza ya toleo lile lile.

BintiAsumini: Na zile "inafanana na" fulani?

Mwandishi: Andika inafanana wapi na inatofautiana wapi: "mwanzo wanakaribiana, mwisho hii ina miski zaidi." Jina la ile ya gharama lisitangulie kwenye tangazo.

Mzee_Forodhani: Nyongeza: chupa zilizojazwa zikae kabatini, si dirishani. Jua huharibu harufu za limau na machungwa kwanza.

Mwandishi: Kweli kabisa, mzee. Na chupa kubwa ikishabaki robo, igawe yote kwa siku moja. Hewa iliyomo ni nyingi kuliko marashi.

Mchuuzi_Tanga: Nimenunua 95,000. Ni bei gani sasa?

Mwandishi: 95,000 gawa kwa 90, zidisha kwa 5, ongeza 2,000. Ukipata chini ya 7,200 umekosea. Faida unaweka wewe.