Notisi ya kuhama isiyomuudhi mwenye nyumba

Kabla ya kuandika chochote, fungua mkataba wa pango utafute kifungu cha kuuvunja. Angalia kama kinasema "siku 30" au "mwezi mmoja kamili". Hapo ndipo watu hugombana. Hesabu tangu siku atakayoipokea barua, si siku uliyoiandika.

Mpigie simu kwanza, asije akashtukizwa na karatasi. Kisha barua iwe fupi:

"Mama, shikamoo. Kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha mkataba wetu, natoa notisi ya siku 30 kuanzia leo, 3 Juni. Nitakabidhi funguo 3 Julai, bili ya maji ikiwa imelipwa. Naomba tukague nyumba pamoja 1 Julai, tuzungumzie na amana yangu. Asante kwa miaka miwili ya kuishi vizuri."

Namba ya kifungu inakusemea, kwa hiyo sababu ya kuhama si lazima uitaje. Bati linalovuja usilitie humo. Lisubiri siku ya ukaguzi. Toa nakala mbili, moja akusainie na kuandika tarehe aliyoipokea. Akiwa mbali, mtumie picha ya barua kwa Watsapu na utunze jibu lake.