Kufuta faili liitwalo nul ambalo Windows inakataa kuliondoa

Mara nyingi faili liitwalo `nul` hutokea pale amri yenye `> nul` inapoendeshwa ndani ya Git Bash, na ukijaribu kulifuta kwa njia ya kawaida Windows haikubali. Fungua Command Prompt, si PowerShell, kisha andika anwani yake nzima ukitanguliza `\\?\`:

```
del "\\?\C:\Kazi\mradi\nul"
```

Kwa kawaida Windows huisafisha anwani kabla ya kuifikisha kwenye diski: majina kama `nul`, `con` na `aux` huyachukulia kuwa vifaa, nafasi au nukta iliyo mwishoni mwa jina huiondoa, na anwani inayozidi kikomo cha herufi 260 huikataa. Kitangulizi hicho huruka usafishaji huo wote, kwa hiyo folda yenye nafasi mwishoni hufutika vilevile, mradi nafasi hiyo ibaki ndani ya alama za kunukuu:

```
rd /s /q "\\?\C:\Kazi\ripoti "
```

Soma anwani mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu `/q` haiulizi chochote na kilichofutwa hakipiti kwenye pipa la taka. Amri hushindwa ukiandika anwani isiyoanzia kwenye herufi ya diski, au ukitumia `/` badala ya `\` kati ya folda. Ukijibiwa "Access is denied", tatizo si jina tena, bali ni ruhusa.