Somo: Jinsi ya kuchora ramani ya mawazo ya kudurusia (mfano: mmeng'enyo wa chakula)

Wakuu, kila mitihani ikikaribia naulizwa swali lilelile: "Nimechora ramani ya mawazo, imependeza, lakini kichwani hakuna kilichobaki. Tatizo nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Nitatumia mada moja tu, mmeng'enyo wa chakula.

Hatua ya 1. Chukua karatasi isiyo na mistari, ilaze.

Hatua ya 2. Soma mada yote mpaka mwisho, halafu funga kitabu. Kifunge kabisa, usikiache wazi pembeni.

Hatua ya 3. Andika mada katikati, uizungushie duara. Toa matawi manne manene: mdomo, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Anzia juu kulia, zunguka kwa mwelekeo wa saa, na uyape namba. Namba ni lazima hapa, kwa sababu chakula kina safari, na matawi yasiyo na namba hayasemi kipi kinatangulia kipi.

Hatua ya 4. Maneno. Hapa ndipo ramani nyingi zinapofia. Mtu anaandika kwenye tawi la tumbo: "Tumboni kuna kimeng'enya kinachovunja protini kwenye mazingira ya asidi." Hiyo ni notisi iliyopindishwa tu. Mwingine anakimbilia upande wa pili, anaandika "kimeng'enya" peke yake. Neno moja, sawa, lakini linakaa kwenye mdomo, kwenye tumbo na kwenye utumbo mwembamba vilevile, kwa hiyo halikukumbushi lolote. Neno msingi zuri ni lile ambalo haliwezi kuhamishiwa tawi jingine. Kwa tumbo, andika "pepsini", kisha kijitawi chake "asidi, pH 2". Basi. Ukiyatazama hayo mawili unapaswa kuweza kusema kwa sauti: pepsini huanza kuvunja protini, na inahitaji asidi kali ili ifanye kazi.

Angalizo: jipime neno kwa neno kabla hujaendelea. Weka kidole juu ya neno, toa sentensi nzima mdomoni. Ukikwama, usirefushe maandishi. Ama neno ni baya, ama jambo lenyewe hujalielewa. Rudi kitabuni uone ni lipi kati ya hayo mawili.

Hatua ya 5. Rangi. Wengi hulipa kila tawi rangi yake. Inapendeza, ila haiongezi kitu, maana tawi tayari linajulikana kwa mahali lilipo. Ipe rangi kazi ambayo matawi hayawezi kuifanya. Kwenye mada hii matawi yanaonyesha *wapi*, basi rangi ionyeshe *nini kinavunjwa*: bluu kwa wanga, nyekundu kwa protini, kijani kwa mafuta. Andika ufunguo wa rangi kwenye kona kabla hujapaka chochote, na usizidishe rangi nne.

Sasa tazama kinachotokea. Mdomoni, "amilesi" ni bluu. Tumboni bluu haipo, kuna nyekundu ya pepsini. Utumbo mwembamba una zote: amilesi ya kongosho na maltesi kwa bluu, tripsini kwa nyekundu, lipesi kwa kijani. Lile pengo la bluu tumboni linakulazimisha ujiulize: wanga umeenda wapi? Jibu ni kwamba asidi ya tumbo huizuia amilesi ya mate isiendelee na kazi, ndiyo maana kongosho huleta amilesi nyingine mbele ya safari. Swali hilo hutoka sana mtihanini, na kwenye notisi za kawaida majibu yake yametawanyika kurasa tofauti. Tawi la utumbo mpana halipati rangi hata moja kati ya hizo tatu. Liandikie "maji" kwa kalamu ya kawaida, kwa sababu hapo kazi kubwa ni kufyonza maji.

Hatua ya 6. Fungua kitabu, ongeza ulichosahau kwa penseli. Hayo ya penseli ndiyo ya kuanza nayo kesho, utakapoichora upya bila kutazama.

---

Mwanagenzi: Mkuu, rangi zisizidi ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5, mwisho wa aya ya kwanza.

Chapakazi: Mimi naweka sentensi fupi fupi na naona ziko sawa. Neno moja linanipotea.

Mwandishi: Umesoma angalizo la hatua ya 4? Nimelijibu hilohilo. Ukiwa na sentensi, jicho linasoma na kichwa kinapumzika. Unajiona unajua kwa sababu jibu liko mbele yako.

Dada Zuu: Samahani mwalimu, neno moja si linaficha uhusiano? Mfano nyongo: nina "ini", nina "kifuko cha nyongo", baadaye nachanganya ipi inafanya nini.

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Pale ambapo vitu viwili vinagombania jambo moja, andika kitenzi juu ya mstari wenyewe: ini, *hutengeneza*, nyongo, kifuko, *huhifadhi*, nyongo. Fanya hivyo kwenye mistari inayokuchanganya tu. Na kwa kuwa umeitaja nyongo: ipake kijani kwa sababu inahusu mafuta, lakini vimeng'enya vyote vizungushie kisanduku na nyongo uiache wazi. Nyongo si kimeng'enya. Inayatawanya mafuta yawe matone madogo ili lipesi ipate eneo kubwa la kuyashambulia.

Kalamu Nyeusi: Nimesikia kuna utafiti uliosema kujikumbusha bila kitabu kunashinda kuchora ramani. Sasa tuchore za nini?

Mwandishi: Upo, wa Jeffrey Karpicke na Janell Blunt, mwaka 2011. Waliochora walichora ramani za dhana huku maandishi yako mbele yao. Wengine walisoma, wakayaweka pembeni na kuandika walichokumbuka. Wiki moja baadaye, waliojikumbusha walifanya vizuri zaidi. Ndiyo sababu hatua ya 2 inasema funga kitabu. Ukichora kwa kukumbuka, unafanya yote mawili kwa pamoja.

Bwana Haraka: Naomba ya kemia nzima, uiweke hapa tupakue.

Mwandishi: Hapana. Faida iko kwenye kuchagua maneno, na hayo nikikuchagulia mimi utabaki kukariri picha. Halafu "kemia nzima" si ramani moja. Mada moja, karatasi moja. Na hesabu za moli usizichoree ramani kabisa, fanya maswali.

Mzee wa Vitabu: Nyongeza kwa wenye shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, kama mwanangu. Sisi tunatumia aina ya mstari: wanga mstari mzima, protini wa vipande vipande, mafuta wa nukta.

Mwandishi: Ahsante sana mzee, hili nalihamishia hatua ya 5.

Dada Zuu: Na hiyo mistari ya mzee inabaki kusomeka hata ukitoa kopi ya nyeusi na nyeupe. Rangi zangu zote zikitoka kopi huwa kijivu kimoja.