Ratiba ya saa kwa saa kabla ya uzinduzi: safu ya muda ndiyo inayoponza

Mfano ninaoutumia hapa ni wa timu ndogo ya Moshi niliyoisaidia kuandaa ratiba. Walikuwa wanazindua kahawa ya kukaanga ya pakiti za gramu 250, inayouzwa kwenye tovuti yao na kwenye meza moja mjini Arusha. Mauzo yalipangwa kufunguliwa Jumamosi saa 4 asubuhi.

1. Fungua jedwali

Tumia Google Sheets. Safu ni tano: muda wa simu, saa yetu, kazi, mhusika na ushahidi. Kwenye B1 andika tarehe na saa ya kufungua mauzo.

2. Hesabu kurudi nyuma kutoka B1

Usiandike muda kwa mkono kwenye kila mstari. Mstari wa saa 4 kabla ya uzinduzi uandike hivi:

```
=$B$1-4/24
```

Uzinduzi ukisogezwa, unabadilisha B1 tu na mistari yote inafuata.

3. Andika saa za aina mbili kwa kila mstari

Hapa usiwe na haraka. Sisi tunasema saa 4 asubuhi, simu inasema 10:00. Ukiandika "saa 4" tupu, kuna atakayetega kengele ya 4:00 AM aamke saa 10 alfajiri, na kuna atakayesubiri 16:00. Ubaya zaidi, ratiba ya usiku kucha ina saa 4 mbili: ile ya usiku wa Ijumaa na ile ya uzinduzi wenyewe. Kwa hiyo weka zote mbili, na ya kwetu ijihesabu yenyewe. Kama muda wa simu uko A5:

```
=MOD(HOUR(A5)+5,12)+1
```

10:00 itatoa 4, na 06:00 itatoa 12. Fomula haijui asubuhi wala usiku, hayo unaongeza mwenyewe.

Kisha kuna usiku wa manane. Timu hii ilikuwa na kazi ya saa 7 usiku, yaani 01:00: kupandisha kurasa za bidhaa wakati wateja wamelala. Rasimu ilisema "Ijumaa saa 7 usiku". Kwa kalenda ya simu, 01:00 hiyo tayari ni Jumamosi. Na kwa wazee wanaohesabu siku kuanzia magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi" na tarehe pembeni, ubishi unaisha.

Mwisho kagua saa ya tovuti. Kwenye WordPress nenda `Settings > General > Timezone` uchague `Dar es Salaam`. Ikiachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, ukurasa uliopangwa kutoka 10:00 utatoka 13:00, saa 7 mchana, wakati mteja ameshakata tamaa. Seva nazo mara nyingi ziko UTC. Kwenye cron, programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba, kazi ya saa 4 asubuhi ni 07:00 ya UTC:

```
0 7 * * 6
```

Hiyo 6 ni Jumamosi. Mstari huu utajirudia kila wiki, kwa hiyo ufutwe baada ya uzinduzi.

4. Mtu mmoja kwa mstari

Jina la mtu, si "timu ya masoko". Safu ya ushahidi iseme kitakachotumwa kwenye grupu kazi ikiisha. Hii ni sehemu ya ile ya Moshi, majina nimeyabadilisha kwa kazi zao:

- 22:00, saa 4 usiku, Ijumaa: msimamizi wa stoo anahesabu pakiti. Ushahidi: picha ya daftari.
- 06:00, saa 12 asubuhi: dereva anaondoka Moshi. Ushahidi: ujumbe akifika Usa River, na mwingine mzigo ukishuka Arusha.
- 07:00, saa 1 asubuhi: mhasibu ananunua pakiti moja kwa M-Pesa, nyingine kwa Airtel Money, kwa hela halisi. Ushahidi: picha ya risiti zote mbili.
- 08:00, saa 2 asubuhi: meneja anasema twende au tusogeze. Malipo yakigoma, tunasogeza.

Uamuzi uwe wa mtu mmoja na uwe saa 2 kabla, maana baada ya hapo matangazo yameshaanza kutoka.

5. Tuma

Sipendi PDF wala picha ya jedwali. Zikishaingia WhatsApp haziondoki, na mtu atafungua ya juzi. Tuma maandishi mafupi yenye kiungo, mstari wa kwanza useme "Toleo la 3, la 2 lisitumike", kisha ubandike ujumbe juu ya grupu. WhatsApp hukuruhusu kurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15 tu. Ukichelewa, tuma toleo jipya.

Usikubali dole gumba kama jibu. Kila mtu aandike kazi yake na saa yake kwa maneno yake: "Naondoka Moshi saa 12 asubuhi Jumamosi." Asiyejibu kufikia jioni, mpigie.