Somo: Masalio na kushiba kwa tangazo katika modeli yako ya kwanza

Tuchukue muuza pembejeo wa Mbeya mjini anayetangaza mbolea redioni. Mezani una mauzo na gharama za redio za kila wiki, kwa maelfu ya shilingi, na unataka modeli ikuambie redio imechangia mauzo kiasi gani.

Hatua ya 1: masalio (adstoki). Mkulima aliyesikia tangazo leo huenda akafika dukani wiki mbili baadaye, akishauza viazi. Kwa hiyo gharama ya wiki usiiingize ikiwa ghafi. Iongezee sehemu ya masalio ya wiki iliyopita. Sehemu hiyo ndiyo lambda. Kwa lambda ya 0.5, tangazo la 400 likifuatiwa na kimya huacha 400, 200, 100, 50.

Hatua ya 2: kushiba. Masalio hayo sasa yapitishe kwenye mkunjo. Hapa `k` ni kiwango kinachotoa nusu ya athari yote inayowezekana, na `s` ni ukali wa mkunjo.

```python
def adstock(x, lam):
    a, toka = 0, []
    for v in x:
        a = v + lam * a
        toka.append(a)
    return toka

def hill(a, k, s):
    return a**s / (a**s + k**s)
```

Weka `k` 200 na `s` 1. Masalio ya 200 yanatoa 0.5, ya 400 yanatoa 0.67 tu: shilingi za nyongeza zimezaa theluthi ya zile za mwanzo. Masalio hutangulia kwa sababu msikilizaji hushiba kwa jumla ya aliyoyasikia, hata kama kila wiki peke yake ilikuwa na matangazo machache.

Hatua ya 3: msimu. Hapa ndipo modeli nyingi za kwanza huharibikia. Mvua za Novemba zikikaribia, kila mtu anatafuta mbolea ya kupandia, na mfanyabiashara naye huongeza matangazo wakati huohuo. Usipoweka kigezo cha msimu, redio itapewa sifa za mvua. Dalili yake ni lambda kupanda hadi 0.9, yaani athari inachukua wiki sita na nusu kupungua nusu. Kwa tangazo la redio la bei ya mbolea, mimi siiamini.

Maswali ya wanachama

*Iringa:* Mwalimu, lambda naipata wapi?

Jaribu 0.1 hadi 0.9. Fundisha modeli kwa wiki za mwanzo, ipime kwa wiki za mwisho ulizozificha. Usizichague kwa bahati nasibu, maana wiki jirani zinabeba masalio yaleyale. Ukiona 0.3 na 0.7 zinakosea karibu sawa, data yako haijazitenganisha. Mpe mteja mchango wa redio kwa zote mbili.

*Njombe:* Mwalimu, mteja wangu hutumia 150 hadi 180 kila wiki. Nitauonaje mkunjo?

Hutauona, ndugu yangu. Katika kipande kifupi hivyo mkunjo unafanana na mstari, na `k` yoyote kubwa itakubali. Mwombe anyamaze wiki kadhaa, kisha apandishe hadi 300 wiki nyingine kadhaa, nje ya msimu wa kupanda. Kulinganisha Njombe yenye tangazo na Makambako isiyo nalo kutakusaidia pale tu redio ya mji mmoja haisikiki mji wa pili.