Majani hayali betri: jouli za mpigo na wati za mashine ya uzio wa umeme

Mzee mmoja mwenye shamba nje kidogo ya Rumuruti, Laikipia, alinipigia simu wakati wa kiangazi. "Afisa, hii betri inakufa kila wiki. Majani yanakula stima yote." Ana uzio wa kama kilomita 1.2, nyaya nne, wa kuzuia ng'ombe wasitoke na pundamilia wasiingie. Mwanzoni alikuwa na mashine ndogo ya jouli 1. Volti kwenye waya ziliposhuka hadi 2,000 na ng'ombe wakaanza kuegemea uzio kama ua wa kawaida, alinunua mashine ya jouli 6. Volti zikapanda kidogo tu, mpaka 3,000 hivi, na hapo ndipo betri ilipoanza kumsumbua.

Kosa lake ni la kawaida sana. Alichanganya vitu viwili ambavyo mashine ya uzio, wengi huiita enajaiza, huvitenganisha kabisa: nguvu ya mpigo mmoja, na stima inayotoka kwenye betri kutwa kucha.

Ndani ya mashine kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi. Betri ya volti 12 huijaza taratibu kwa zaidi ya sekunde nzima, kupitia sakiti inayopandisha umeme hadi mamia ya volti. Kisha kapasita huachiliwa ghafla kwenye transfoma, nayo hutupa maelfu ya volti kwenye waya. Ndiyo ule mlio wa "tak" unaousikia. Fikiria manati: unavuta mpira polepole, lakini jiwe huruka kwa kasi. Jouli ni kipimo cha kile ulichovuta.

Mpigo wenyewe ni mfupi mno, kama sehemu 3 za elfu kumi za sekunde. Jouli 1 ikitoka kwa muda huo, ni zaidi ya wati 3,000 kwa kitambo hicho kidogo. Ndiyo maana ng'ombe huruka. Lakini baada ya hapo waya hukaa kimya sekunde nzima na zaidi, na ukigawa jouli hiyo moja kwa muda wote wa mzunguko, wastani hauzidi wati 1. Taa ndogo kabisa ya nyumbani hula zaidi ya hapo.

Sasa hesabu ya mzee. Nilimwambia ashike saa na kuhesabu milio kwa dakika moja. Alipata 46, sawa na mpigo mmoja kila sekunde 1.3. Mashine yake mpya huhifadhi jouli 6 kwenye kapasita. Jouli 6 mara 46 ni 276 kwa dakika. Gawa kwa sekunde 60, unapata wati 4.6. Lakini betri hutoa zaidi ya hapo, kwa sababu sakiti ya kupandisha volti hupoteza nyingine kama joto. Mimi huchukulia asilimia 70 ndiyo inayofika kwenye kapasita, kwa hiyo wati 4.6 zinakuwa wati 6.6 upande wa betri. Kwa volti 12 hiyo ni kama ampea 0.55. Kwa saa 24 ni ampea-saa 13, au wati-saa 158.

Upande wa pili kuna sola yake ya wati 20, ile ile aliyoiweka enzi za mashine ndogo. Kwa jua la Laikipia mimi huhesabu saa 4.5 za jua kamili kwa siku, kisha natoa asilimia 30 kwa ajili ya vumbi, joto na upotevu wa kuchaji. Inabaki wati-saa 63. Mashine inakula 158. Kila siku betri inapungukiwa na wati-saa 95, yaani ampea-saa 8.

Betri yake ni N70, ampea-saa 70 ikiwa mpya. Betri ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo tuna ampea-saa 35 za kutumia. Gawa kwa 8: siku nne na kitu. Betri haikuwa mbovu, wala majani hayakuwa yameiba kitu. Hesabu yenyewe ndiyo iliyoiua. Na mashine ya zamani? Jouli 1 kwa mdundo huo huo ni kama wati 1.1 kutoka kwenye betri, wati-saa 26 kwa siku. Sola ya wati 20 iliibeba bila kutoa jasho.

Mzee hakukubali mara moja. "Na majani yanayogusa waya je?" Basi tulifanya jaribio. Tuliweka multimita kwenye waya mmoja wa betri, kipimo cha ampea 10, na kuitazama uzio ukiwa umeunganishwa, kisha tukauchomoa uzio na kuiacha mashine ipige peke yake. Namba huchezacheza kwa sababu mashine huvuta umeme kwa vipindi, kwa hiyo unasoma wastani wake. Ulibaki karibu ule ule, kwenye nusu ampea.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Kapasita hujazwa kiasi kile kile kila mara kabla ya mpigo, na mashine ya kawaida haijui wala haijali kama mpigo huo utaishia kwenye pua ya ng'ombe, kwenye majani mabichi au ndani ya transfoma yenyewe. Umeme umeshalipiwa. Majani hayamalizi betri. Yanamaliza volti kwenye waya. Kila jani bichi linalogusa ni mlango mdogo wa kuvujia ardhini, na mpigo ukigawanyika kwa maelfu ya milango hiyo, anayegusa mwisho anapata kidogo. Isipokuwa kwa aina moja: zipo mashine zenye akili ambazo hupima uzio na kuongeza jouli zikiona mzigo umezidi. Hizo kweli hula betri zaidi majani yakiota. Ukitaka kujua yako ni ya aina gani, jaribio hilo la kuchomoa uzio litakuambia. Kabla ya kulifanya, hakikisha waya za mita ziko kwenye tundu la ampea na kwamba mita imekaa kati ya betri na mashine. Ukiziweka moja kwa moja kwenye vichwa viwili vya betri, utaunguza mita, na pengine vidole.

Basi kwa nini volti zilishuka tangu mwanzo? Tulianza na arthi. Mashine yake ilikuwa na kipande kimoja cha nondo chenye kutu, kimezama kama nusu mita kwenye udongo mkavu uliopasuka. Mpigo unaotoka kwenye waya lazima urudi kwenye mashine kupitia ardhini, na hapa njia ya kurudi ilikuwa imezibwa. Ukipima, unaona: kwenye waya wa uzio, umbali wa mita 100 au zaidi kutoka kwenye mashine, gusisha ardhini kwa vyuma mpaka volti za uzio zishuke chini ya 2,000. Kisha pima kati ya fimbo ya arthi na chuma kingine ulichochomeka kama mita moja mbali nayo. Ukiona zaidi ya volti 300, arthi haitoshi. Kwa mzee, kipimo kilionyesha zaidi ya 1,000. Mashine ya jouli 6 ilikuwa inapigana na nondo moja.

Tulizamisha fimbo tatu za mabati, mita 2 kila moja, zikiachana mita 3, zote zikiunganishwa kwa waya mmoja. Tulichagua pahali karibu na tangi la maji, ambako udongo huwa na unyevu. Vijana wake wakafyeka majani chini ya waya wa chini kabisa. Kisha nikamwambia arudishe mashine ile ndogo ya zamani. Kwenye mwisho wa uzio, volti 5,500.

Neno moja kuhusu namba zilizoandikwa kwenye maboksi, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. "Volti 10,000" haikuambii kitu chochote cha maana. Hata kifaa kidogo sana kinaweza kufika huko kwenye waya mtupu usioguswa. Tafuta jouli, kisha uliza ni jouli gani: zilizohifadhiwa kwenye kapasita, au zinazotoka kwenye waya? Za kutoka huwa chache kuliko za kuhifadhiwa, na wauzaji wengine huandika kubwa tu. Kwa hesabu ya betri tumia zilizohifadhiwa. Kwa kulinganisha nguvu ya kumtisha mnyama, tumia zinazotoka. Kanuni ya kimataifa, IEC 60335-2-76, hairuhusu zaidi ya jouli 5 kutoka kwenye mpigo mmoja zikipimwa kwenye mzigo wa ohm 500, wala mipigo isiyoachana angalau sekunde 1. Kwa hiyo ukiona mashine inapiga haraka kuliko hapo, usiulize hata bei, iache dukani.

Mashine nyingi zina swichi ya kupunguza kasi ya mipigo. Ukitoka sekunde 1.3 kwenda 2.6, unakata matumizi ya betri karibu nusu, na kila mpigo unabaki na nguvu yake ile ile. Kwa ng'ombe waliokwisha kuuzoea uzio, hiyo ni njia nzuri ya kuvuka wiki za mawingu. Kwa nyani sishauri. Nyani huvuka waya ndani ya sekunde mbili na atajifunza mdundo wako kabla wewe hujaujua.

Kupima hali ya betri, chomoa mashine na sola, iache ikae saa kadhaa, kisha pima. Volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, na hapo ndipo pa kusimama. Ukiamua kuipeleka kwenye chaja ya stima ya ukutani, toa kwanza mashine kwenye uzio. Chaja ya ukutani na uzio visikutane kwenye betri moja kwa wakati mmoja, kwa sababu chaja ikiharibika, stima ya nyumba inaweza kufika kwenye waya wa shamba, na hiyo si mipigo tena.

Mashine ya jouli 6 sasa iko kwa jirani yake mwenye uzio wa kilomita nyingi. Alipokuja kuichukua alitaka kuifungia sola ya wati 40 aliyokuwa nayo. Tulihesabu pamoja kwa siku za mvua, saa 3 za jua: 158 gawa kwa 3, gawa kwa 0.7, wati 75. Alirudi mjini akanunua ya wati 80.