Jinsi ya kubadilisha bafa na kukoleza protini, kuanzia kuchagua utando

Mwongozo huu unafuata kazi moja: una mililita 10 za GFP, ile protini ya kijani inayong'aa, ambayo imetoka kwenye safu ya nikeli ikiwa ndani ya imidazoli ya milimolari 300, molekuli ndogo iliyotumika kuing'oa kwenye safu hiyo. Unataka kuondoa imidazoli, uiweke protini kwenye bafa safi, yaani mmumunyo unaotunza pH, kisha uikoleze kutoka miligramu 1 kwa mililita hadi 10. GFP inafaa kwa kujifunzia kwa sababu ikivuja, utaiona kwa macho.

Hatua ya kwanza: chagua kikomo cha utando

Namba iliyoandikwa kwenye utando, kwa mfano kilodaltoni 10, ndiyo kikomo chake, lakini haina maana kwamba kila kilicho juu ya hapo hubaki na kila kilicho chini hupita. Vitundu vya utando havilingani ukubwa. Kwa kawaida mtengenezaji anamaanisha kwamba protini ya duara yenye uzito huo itazuiwa kwa takriban asilimia 90. Kwa hiyo ukichukua utando wa kikomo kilicho karibu na uzito wa protini yako, sehemu yake itapotea taratibu, na kadiri unavyoendelea kuchuja ndivyo hasara inavyoongezeka.

Kanuni ninayoifuata ni kuchagua kikomo kilicho kati ya theluthi na nusu ya uzito wa protini. GFP ina kilodaltoni 27 hivi. Theluthi yake ni 9, nusu yake 13.5, basi utando wa 10 ndio wake. Wa 30 utaivujisha. Wa 3 utaizuia vizuri, lakini uchujaji utakuwa wa polepole mno. Imidazoli ina daltoni 68 tu, itapita popote. Protini ndefu na nyembamba, au isiyokunjika, ipe kikomo kidogo zaidi, maana inaweza kupenya kwa ncha.

Hatua ya pili: dayalisisi

Dayalisisi ni kuifungia protini kwenye mfuko wa utando ndani ya bafa nyingi, ili molekuli ndogo zitoke na protini ibaki. Kata kipande cha utando kinachozidi ujazo wa sampuli na ukiloweke kwenye maji safi ili gliserini ya kiwandani itoke. Vaa glavu. Funga upande mmoja kwa klipu, mimina maji ukague kama unavuja, ndipo uweke protini. Acha nafasi tupu kabla ya kufunga upande wa pili: kama ndani kuna chumvi nyingi kuliko nje, maji yataingia na mfuko utajaa hadi kukaza.

Uweke kwenye lita 1 ya bafa mpya (mimi natumia trisi milimolari 20, pH 8, na chumvi milimolari 150) kwenye nyuzi 4, ukikoroga polepole kwa sumaku. Baada ya saa 3 hivi, badilisha bafa, kisha acha usiku kucha.

Kubadilisha huko ndiko kunakofanya kazi kubwa. Mililita 10 ndani ya lita 1 hushusha imidazoli mara 101, kutoka 300 hadi karibu 3. Lita ya pili huishusha hadi 0.03. Ungetumia lita zote 2 kwa mkupuo mmoja, ungebakiwa na 1.5, yaani mara 50 zaidi, kwa bafa ileile.

Usimwage bafa yote ya mwisho. Weka pembeni mililita 50, utaihitaji.

Hatua ya tatu: kukoleza kwa sentrifuji

Suuza kichujio cha kilodaltoni 10 kwa bafa uliyohifadhi, kwani nacho huwa na gliserini. Kikishalowa kisikauke. Weka protini, zungusha kwa g 4000 au kwa kasi iliyotajwa na mtengenezaji, dakika 10 kwa wakati. Kila ukisimama, changanya taratibu kwa pipeti bila kugusa utando. Protini hurundikana juu ya utando na kufanya tabaka zito. Usipolivunja, mtiririko hupungua na protini inaweza kuganda hapohapo. Ukiona ukungu mweupe, simama. Umefika mwisho wa kiasi ambacho bafa hiyo inaweza kubeba, na kuzungusha zaidi kutaongeza mashapo.

Ikibaki mililita 1, acha.

Hatua ya nne: kagua kabla ya kumwaga

Angalia maji yaliyopita chini. Yakiwa na ukijani, utando umetoboka au kikomo hakikufaa. Yarudishe kwenye kichujio kipya. Yakiwa hayana rangi, pima protini kwenye nanomita 280, sufuri yako ikiwa ile bafa ya dayalisisi uliyoihifadhi. Kupima kabla ya dayalisisi kwa sufuri isiyo na imidazoli hudanganya, kwa kuwa imidazoli nayo hufyonza mwanga hapo na protini huonekana nyingi kuliko ilivyo.

Ukipata pungufu ya miligramu 10 na maji ya chini hayana kitu, suuza utando kwa mikrolita 100 za bafa. Iliyong'ang'ania humo mara nyingi hutoka. Maji ya chini yamwage baada ya hesabu kukubali.